Mbwa wa Ghorofa ya Pili

Malalamiko kuhusu mbwa yakimfikia mwenye nyumba, mara nyingi huwa yamekwisha kugeuka malalamiko kuhusu mtu. Hakuna aliyekuja kuniambia kwamba mbwa alibweka saa kumi na moja alfajiri akanyamaza baada ya robo saa. Nilichoambiwa ni kwamba yule kijana hana adabu, hajali wenzake, na kama mimi nampenda sana basi wao watatafuta pa kuhamia. Nasimamia nyumba ya urithi huku Tudor, Mombasa: flati sita, ngazi moja, uwa wa nyuma wenye tangi na mfereji, na paa la zege tunakoanika nguo. Kijana mwenyewe ni mtu wa bara, anafanya kazi ya zamu bandarini, kodi huleta kabla ya kuulizwa. Mbwa wake ni wa kawaida tu, wa rangi ya mchanga, na mkataba niliokuwa nimetia naye saini haukutaja mnyama wa aina yoyote.

Wapangaji wengi wa jengo hili ni Waislamu wa Kishafii kama nilivyo mimi, kwa hiyo jambo la mbwa kwetu lina uzito ambao mtu wa bara huenda asiuone. Mate yake, mkojo wake na kinyesi chake ni najisi nzito. Vikigusa nguo au sakafu, panaoshwa mara saba, na mara moja kati ya hizo kwa maji yaliyochanganywa na udongo. Bibi anayekaa ghorofa ya kwanza hushuka alfajiri kwenda kuswali kwa dada yake mtaa wa pili. Akikuta tone kwenye kidato cha ngazi hajui kama ni maji au ni mkojo, na hiyo shaka peke yake yatosha kumrudisha ndani kubadilisha nguo. Lakini fikihi hiyo hiyo inasema pia kwamba kavu kwa kavu hakuhamishi najisi. Mbwa mkavu akipita karibu na kanzu kavu hakuna kilichoharibika. Nalitaja hili mapema kwa sababu ndilo lililotupa njia ya kuishi pamoja. Tulichohitaji kulinda ni majimaji na mahali yanapoanguka.

Kabla ya kumwita kijana niliwaomba waliolalamika waniandikie mambo matatu tu: saa, muda, na wao walikuwa wapi waliposikia. Sikutaka sifa za mbwa wala za mwenyewe. Mama wa flati ya pili aliniandikia nyuma ya risiti, mwingine alinitumia kwa wasapu, na mwangalizi wa jengo akawa anaandika yake kwenye daftari la maji. Baada ya wiki picha ilikuwa wazi kuliko nilivyotarajia. Kelele zilikuwa za namna mbili. Za kwanza zilikuja kati ya saa kumi na moja kasorobo na kumi na mbili asubuhi, fupi na kali, zikikatika na kuanza tena. Za pili zilikuja mchana siku ambazo kijana ana zamu, zikianza muda mfupi baada ya geti kufungwa nyuma yake, na hizo zilikuwa ndefu, zenye kuvuta sauti kama kilio.

Tofauti hiyo si ndogo, kwa sababu kila namna ina chanzo chake na dawa yake. Mbwa anayebweka kwa vipindi vifupi, akanyamaza, akaanza tena, kwa kawaida anajibu kitu anachokisikia au kukiona. Mbwa anayeanza kulia ndani ya nusu saa ya kwanza tangu mwenyewe aondoke, akaendelea, akakwaruza mlango, mara nyingi ana taabu ya kuachwa peke yake. Njia ya kuhakikisha ni rahisi: mwenye mbwa aache simu ya zamani ikirekodi ndani ya nyumba siku atakayotoka, kisha asikilize sauti inaanza dakika ya ngapi na kabla yake kulikuwa na nini. Ukimwambia mwenye mbwa "mnyamazishe" bila kujua ni ipi kati ya hizi, atampiga, na mbwa mwenye hofu akipigwa hubweka zaidi.

Uchafu nao nilitaka kuuona kwa macho yangu. Nilipanda juu asubuhi, nikazunguka uwani, nikamwita mwangalizi. Kule juu palikuwa na kinyesi kikubwa kilichoachwa wazi juu ya zege, karibu na mdomo wa bomba la kuteremshia maji ya mvua. Hicho kilikuwa cha mbwa bila ubishi. Lakini kile cha uwani, kwenye rundo la mchanga uliobaki baada ya fundi kupiga plasta, kilikuwa kidogo, kigumu, kimefukiwa nusu. Mbwa hafukii. Anaweza kuparura ardhi kwa miguu ya nyuma akimaliza, lakini anaacha alichokiacha juu. Anayechimba na kufunika ni paka, na mtaa wetu hauna uhaba wa paka. Kwa hiyo nusu ya kosa alilobebeshwa kijana lilikuwa la paka wasio na mwenyewe, na mchanga ule ulikuwa wangu mimi mwenye nyumba. Niliagiza uondolewe siku ile ile na pipa la taka lipate kifuniko. Sikutaka kumwita mtu kumwambia asafishe upande wake huku wangu ukinuka.

Kinyesi cha juu ndicho kilichonitia wasiwasi hasa, na si kwa ajili ya nguo tu. Maji ya mvua ya paa lile yanateremka kwenye tangi la uwani. Wakati mfereji umekauka na mkokoteni wa maji haujafika, wapo wapangaji wanaochota tangini kufulia na kuogea. Kisha kuna minyoo. Mayai ya minyoo mviringo yanayotoka na kinyesi cha mbwa hayaambukizi siku yanapoanguka. Yanahitaji kama wiki mbili au zaidi kukomaa, na yakishakomaa yanaweza kukaa kwenye udongo miezi hata miaka, na jiki haiyaui. Safura ya mbwa ni ya haraka zaidi: katika joto na unyevu wa pwani mayai huanguliwa baada ya siku moja au mbili, na baada ya takriban wiki viluwiluwi viko tayari kuingia kwenye ngozi ya mguu mtupu. Ukiona mtoto ana mstari mwekundu unaowasha na kutambaa kidogo kidogo chini ya ngozi ya unyayo, huenda ndiyo hiyo. Hapa ndipo unapopata sababu ya kudai kinyesi kizolewe siku hiyo hiyo. Kikizolewa leo, mayai yanaondoka kabla hayajawa na madhara. Kikingoja usafi wa Jumamosi, yamekwisha kubaki kwenye mchanga.

Nilipokuwa na hayo yote mkononi ndipo nikamtafuta kijana. Nilichagua katikati ya mwezi, kwa sababu ukimwita mpangaji karibu na tarehe ya kodi anakuja akiwa amejikinga. Sikumgongea mlango. Mlangoni mbwa angebweka, majirani wangechungulia, na mimi na yeye tungesema mambo ya kuwafurahisha wanaosikiliza. Nilimtumia ujumbe kwamba akitoka kazini apite barazani kwangu anywe chai, nina neno la nyumba. Alikuja akiwa ameshajua.

"Mama, ni mbwa, siyo?"

"Ni mbwa, mwanangu. Kaa kwanza."

Nilimsomea saa. Sikusema nani aliandika, na hakuuliza. Nilimwambia kuna sauti ya alfajiri na kuna ya mchana, na kuna kinyesi cha juu. Nilimwambia pia kwamba cha uwani si chake, nimeshakiona na nimeshakiondoa. Naamini neno hilo la mwisho ndilo lililomlainisha. Mtu akisikia umemwondolea lisilo lake, anakuwa na nguvu ya kupokea lililo lake.

Alinieleza kwamba mbwa analala sebuleni, kichwa kwenye upenyo wa mlango wa mbele, kwa sababu hapo ndipo pana upepo. Basi fumbo la alfajiri likafumbuka tukiwa tumeketi pale pale. Saa kumi na moja kasorobo ndiyo saa wanaume wa jengo wanaposhuka ngazi kwenda msikitini, na kila kiatu kilikuwa kinapita hatua moja kutoka puani mwa mbwa. Angewezaje kunyamaza? Kwake hiyo ndiyo kazi. Kuhusu paa alisema ukweli bila kuzunguka: akitoka zamu ya usiku geti limefungwa, anaogopa kumsumbua mwangalizi, kwa hiyo anampandisha juu dakika chache. Anakusudia kuzoa asubuhi, usingizi unampitia.

"Nakuelewa," nikamwambia. "Lakini juu hapana tena. Hata mara moja. Pale watu wanaanika nguo za kuswalia, na maji ya pale tunayachota."

"Na nikitoka kazini usiku?"

"Nitakupa ufunguo wa geti dogo. Ukiupoteza, kufuli jipya ni juu yako."

Hapo ndipo naona wenye nyumba wengi huteleza. Wanakuwa wapole mpaka wanamaliza chai bila kuomba kitu chochote kinachoweza kupimwa, au wanakuwa wakali mpaka wanaomba lisilowezekana. "Hakikisha mbwa hasumbui" haliwezi kupimwa. "Mbwa asipande juu ya paa kuanzia leo" linapimika: ama amepanda ama hakupanda. Tuliafikiana mambo machache ya namna hiyo, na usiku ule ule nikamwandikia ujumbe huu, kwa sababu chai husahaulika:

"Mwanangu, ahsante kwa kuja. Naandika tuliyopatana ili sote tukumbuke. Kuanzia leo mbwa hatapanda juu ya paa. Atalala chumba cha nyuma au jikoni, mbali na mlango wa ngazi. Akipita ngazini atakuwa na kamba fupi, awe mkavu, na ngazi iwe kavu; ikiwa imetoka kupigwa deki utangoja. Akichafua popote pa pamoja, utazoa na kuosha wakati huo huo, na mwangalizi atakuonyesha namna ya kuosha kwa udongo. Kadi yake ya chanjo ya kichaa cha mbwa na tarehe ya dawa ya minyoo nitaomba kuziona kabla ya mwisho wa mwezi. Kwa sauti ya mchana nakupa mwezi mmoja, nikijua haitaisha kwa siku moja. Tutakaa tena tarehe ya leo mwezi ujao. Sina nia ya kukuondolea mbwa wako. Nina nia ya kuona jengo zima linalala."

Sentensi ya mwisho niliiandika kwa makusudi. Anayefuga huishi akingoja kuambiwa "chagua mbwa au nyumba", na akilihofia hilo hataweza kusikiliza mengine. Lakini usiiandike kama huimaanishi.

Niseme kidogo kuhusu kuzoa, maana kuna jambo ambalo watu hulipuuza. Tangu Agosti 2017 mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Kenya, kwa hiyo huwezi kumwambia mpangaji "zoa kwa mfuko wa plastiki" kama tulivyozoea zamani. Kijana wetu hutumia pakiti tupu za unga, zile za karatasi. Moja hukunjwa na kuwa kizoleo, nyingine hupokea, kisha vyote vinaingia kwenye ndoo yenye kifuniko inayomwagwa na watu wa taka. Mkojo nao una utaratibu wake. Unafutwa kwanza kwa kitambaa, panaoshwa kwa sabuni na maji, panasuuzwa, na jiki ikitumika iwe mwisho kabisa. Ukimwaga jiki moja kwa moja juu ya mkojo, ile amonia ya mkojo ikikutana na klorini hutoa hewa inayochoma macho na kifua, na ngazi zetu hazina dirisha. Tena harufu isipokwisha kabisa, mbwa atarudi pale pale, kwa kuwa pua yake ndiyo inayomwambia choo kiko wapi.

Sauti ya alfajiri ilikatika karibu yote mara tu alipohamishiwa chumba cha nyuma na kijana akaziba upenyo wa mlango kwa kitambaa kilichokunjwa. Ya mchana ilikuwa na ukaidi. Simu iliyorekodi ilionyesha alianza kulia dakika chache tu baada ya mlango kufungwa, kabla hata mtu hajapita ngazini, kwa hiyo ilikuwa taabu ya upweke. Kijana alianza kumtembeza kabla ya zamu mpaka achoke, kisha kumwachia mfupa wenye kazi ya kuguguna, na siku za mapumziko kutoka na kurudi: dakika moja, tatu, tano, bila maagano mlangoni na bila shangwe akirudi, akiongeza muda pale tu mbwa anapobaki kimya. Siku za zamu ndefu humpeleka kwa binamu yake Kongowea. Mwezi ulipotimia kilio kilikuwa kimepungua sana, ingawa hakikwisha. Mkokoteni wa maji ukipita bado anabweka, na nikasema barazani mbele ya wote kwamba kubweka dakika moja kwa mkokoteni saa nne ya asubuhi nitakuvumilia na wao pia wavumilie.

Si wote waliopenda. Mama wa flati ya pili alitaka mbwa aondoke, basi. Nilikaa naye vilevile kama nilivyokaa na kijana, nikamweleza niwezalo na nisiloweza. Sheria ya Ardhi ya 2012, kifungu cha 65, inaniwekea wajibu wa kumwacha mpangaji akae nyumbani kwake kwa amani na utulivu, naye anayo haki hiyo kwangu. Kijana pia anayo. Siwezi kumfungia mlango, kumkatia maji, wala kumchukua mbwa wake akiwa kazini. Hayo yangenifanya mimi ndiye mvunja sheria. Niwezalo, makubaliano yakivunjwa, ni onyo la maandishi linalotaja tarehe na tukio. Yakiendelea kuvunjwa, kwa mpangaji wa mwezi hadi mwezi kama yeye, ni notisi isiyopungua mwezi mmoja inayoishia siku ya kulipa kodi, kama kifungu cha 57 kinavyosema, na akikataa kutoka ni mahakama itakayosema, si mimi. Nilimwambia pia kwamba kanuni za kelele za mwaka 2009 zinahesabu usiku kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, na viwango vya usiku kwa mitaa ya makazi ni vya chini kuliko vya mchana. Sauti ikirudi saa hizo aiandike aniletee, nitaifuata siku hiyo hiyo. Aliondoka hajaridhika, lakini aliondoka anajua atakachokifanya nami nitakachokifanya.

Kuna siku baada ya hapo mbwa alitapika kwenye kidato cha tatu. Mwangalizi alikuja kuniita akidhani kutakuwa na vita. Nilipofika nikamkuta kijana amepiga magoti na ndoo, udongo kwenye kopo, na bibi wa ghorofa ya kwanza amesimama juu yake akimhesabia: "Hiyo ya nne. Bado tatu." Maji alikuwa ameyanunua yeye mwenyewe, mitungi miwili ya mkokoteni.

Mikataba mipya ya jengo sasa ina aya ya wanyama, nami naiweka hapa kwa mwenye nyumba atakayeihitaji: "Mpangaji atakayefuga mbwa au paka atamjulisha mwenye nyumba kwa maandishi kabla ya kumleta, ataonyesha kadi ya chanjo kila mwaka, hatamwacha mnyama peke yake ngazini, uwani wala juu ya paa, na atazoa na kuosha uchafu wake siku hiyo hiyo kwa gharama yake. Kelele zikilalamikiwa, mwenye nyumba atampa mpangaji saa na tarehe zake kwa maandishi na muda wa mwezi mmoja wa kurekebisha kabla ya kuchukua hatua nyingine." Kijana alikuwa wa kwanza kuitia saini. Aliniomba niongeze kwamba na mwenye nyumba afunike mchanga wake, nami nikaiongeza.